Tani tano juu ya miguu minne: jibu ni sahihi, swali ndilo limekosewa

Nenda kwenye karakana ya kuchomelea pale Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, uulize stendi ya simtanki la lita 5,000 inatakiwa ibebe mzigo gani. Hesabu utakayopewa unaifahamu tangu shule: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 5,000 ni kilo 5,000, yaani tani tano. Stendi ina miguu minne, gawanya kwa nne, kila mguu tani moja na robo. Kisha fundi anagonga skwea paipu kwa nyundo, inalia, na anakwambia, "Hii bosi hata gari inabeba."

Makala hii inaikosoa hesabu hiyo. Tuseme mapema kwamba haina kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Tani tano ni tano kweli, na robo yake ni hiyo hiyo. Shida ni kwamba inajibu swali ambalo stendi haikuulizwa. Inauliza, "Je, chuma kitapondwa?" Stendi ya tangi karibu kamwe haianguki kwa sababu chuma kimepondwa. Huanguka kwa sababu mguu umefyatuka kando, au mguu mmoja umezama kuliko wenzake, au upepo umeisukuma siku ambayo tangi halina maji. Hakuna hata moja kati ya haya matatu linaloonekana kwenye "gawanya kwa nne".

Hebu tuchukue stendi moja ya mfano tuipitishe kwenye maswali yote. Kama nyumbani kwenu ipo inayofanana nayo, badilisha vipimo uweke vya kwenu.

Stendi yetu

Ina urefu wa mita 4. Miguu minne ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene wa ukuta wa bomba milimita 2. Kutoka mguu hadi mguu ni mita 2. Juu kuna fremu na mbao, na juu ya mbao kuna tangi la plastiki lenye kipenyo cha mita 1.8 na kimo cha mita 2.1. Tuseme tangi tupu lina kilo 100, na stendi pamoja na mbao zake ina kilo 300.

Likijaa, mzigo wote ni kilo 5,400. Zidisha kwa 9.8 upate uzito kwa nyutoni: karibu 53,000, yaani kilonyutoni 53. (Ukitaka kuihisi kilonyutoni moja, ni uzito wa kama kilo 100, mfuko mmoja wa mahindi uliojaa vizuri.) Kila mguu unabeba kilonyutoni 13.

Sasa jibu la fundi. Eneo la chuma ukikata bomba hilo ni milimita za mraba 384. Gawanya nyutoni 13,000 kwa 384, unapata nyutoni 34 kwa kila milimita ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kulegea kikifika kama 240. Tuko mbali mno, mara saba hivi. Kwa swali la kupondwa, fundi ameshinda na wala hahitaji msaada wetu.

Mguu haupondwi, unafyatuka

Chukua spoku ya baiskeli. Ivute kwa mikono miwili uone kama utaikata. Huwezi. Sasa isimamishe mezani, bonyeza kwa kiganja. Kwa nguvu ndogo tu inajikunja katikati na kuruka kando. Chuma ni kile kile. Hakijapondwa wala hakijakatika. Kimekataa tu kubaki wima. Hiki ndicho tunachokiita hapa kufyatuka, na hakitoi taarifa ndefu. Unaongeza mzigo kidogo kidogo, fimbo imesimama, imesimama, halafu haipo.

Leonhard Euler aliandika kanuni yake mwaka 1744, na bado ndiyo tunayoanzia:

```
P = π² E I / (K L)²
```

P ni mzigo unaoufyatua mguu. E ni ukakamavu wa chuma, ambao ni karibu nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. I inaeleza chuma kimepangwa mbali kiasi gani na katikati ya bomba. Kwa bomba letu ni 147,700 (milimita kwa kipeo cha nne). L ni urefu wa mguu. K inategemea ncha za mguu zimeshikwaje.

Angalia kwanza kisichokuwemo. Ile 240, nguvu ya chuma, haipo kabisa. Ukinunua chuma cha daraja la juu zaidi, lakini bomba ni la vipimo vile vile, mguu mrefu na mwembamba utafyatuka kwenye mzigo ule ule. Pili, angalia kwamba urefu uko chini ya mstari na umepigwa kipeo cha pili. Ukiongeza urefu mara mbili, uwezo unabaki robo.

Twende kwenye K. Stendi isiyo na mikingamo, miguu minne mitupu imechomelewa juu kwenye fremu na chini imesimama tu kwenye zege, inaweza kuyumba kama meza mbovu: juu yote inakwenda kando pamoja. Mguu wa namna hiyo unajiona mrefu mara mbili, K ni 2. Weka namba: P inakuwa kilonyutoni 4.6.

Tunataka mguu ubebe 13. Unafyatuka kwenye 4.6. Hesabu ya kupondwa ilisema tuko salama mara saba, na stendi hiyo hiyo isingeweza kuliona tangi likijaa hata nusu.

"Lakini miguu yangu nimeizika kwenye zege," fundi atajibu, na ana haki ya kusikilizwa. Mguu ulioshikwa barabara chini na juu, hata kama juu inayumba, una K ya 1. P inapanda hadi kilonyutoni 18. Hii ndiyo sababu stendi nyingi za aina hii unazoziona zimesimama hazijaanguka. Ila tazama ukingo uliobaki: 18 dhidi ya 13. Na hiyo 18 inadai zege lisiiname hata kidogo ndani ya udongo, bomba liwe limenyooka kama uzi, na kutu isiwe imegusa kitu. Masika moja mbaya inaweza kulegeza udongo, na stendi inaanza kuteremka kutoka 18 kuelekea 4.6. Mahali fulani katikati inakutana na 13.

Unene au mikingamo?

Mteja akiingiwa na hofu, ushauri wa kawaida mtaani ni mmoja: "Tuongeze unene." Badala ya bomba la milimita 2, weka la milimita 3. Bei inapanda, na mteja anaona amenunua usalama.

Pima. Kwa ukuta wa milimita 3, I inapanda hadi 208,500, ambayo ni mara 1.4. Stendi isiyo na mikingamo inatoka kilonyutoni 4.6 hadi 6.4. Bado iko chini ya nusu ya mzigo.

Sasa acha bomba lile lile jembamba la milimita 2. Katikati ya urefu, kwenye mita 2, zungusha paipu za mlalo kuunganisha miguu yote minne. Kisha kila upande, juu na chini ya paipu hizo, weka nondo mbili za mshazari zinazokatana kama herufi X. Mambo mawili yamebadilika: juu haiwezi tena kuyumba, na mguu umegawanywa vipande viwili vya mita 2. K ni 1, L ni 2. P inaruka hadi kilonyutoni 73.

Kutoka 4.6 hadi 73 ni mara kumi na sita. Kwa kuwa bomba halisi halijanyooka kikamilifu, mhandisi mwangalifu hataihesabu yote 73; ataikata kwa sehemu kubwa. Hata akiikata nusu, amebaki na karibu mara tatu ya mzigo. Unene ulitupa mara 1.4. Ndiyo maana ukiinua macho kuangalia minara ya simu, hukuti miguu minene mitupu. Unakuta vyuma vyembamba vimefungana pembetatu kila mahali. Pembetatu haiwezi kubadili umbo bila upande mmoja kurefuka au kufupika. Mraba unaweza, na hubadilika.

Kuna sharti moja. Nondo nyembamba hufanya kazi ikivutwa tu. Ukiisukuma inafyatuka kama spoku. Ndiyo sababu zinawekwa mbili zinazokatana: stendi ikielekea kushoto moja inavutwa, ikielekea kulia nyingine inavutwa. Na lazima zikazwe. Nondo iliyolegea, unayoweza kuitikisa kwa kidole, ni pambo.

Na kabla hujazicheka zile stendi za nguzo za mikaratusi zinazoonekana Iringa na Mufindi, zipigie hesabu nazo. Nguzo yenye kipenyo cha sentimita 15 ina ukakamavu wa mbao, kama 10,000 tu, mara ishirini chini ya chuma. Lakini I yake ni kubwa mno kwa sababu nguzo ni nene, na ukizidisha E kwa I unakuta nguzo hiyo inakataa kupinda mara nane kuliko bomba letu linalong'aa. Bila mkingamo wowote, kwenye ile hali mbaya ya K ya 2, inafyatuka kwenye kilonyutoni 38. Inabeba tangi na inabakiza.

Adui yake yuko chini. Mbao huoza pale inapoingia ardhini, mahali maji na hewa vinapokutana, na mchwa nao huanzia huko. I ya nguzo ya duara hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Sentimita 15 ikiliwa hadi zikabaki 10 nzima, kipenyo kimepungua kwa theluthi, lakini ukakamavu wa hapo umebaki moja ya tano. Kwa hiyo stendi ya nguzo huweza kusimama miaka bila dalili, kisha ikazeeka kwa msimu mmoja.

Mafiga ni matatu

Turudi kwenye "gawanya kwa nne", maana hata mgawanyo wenyewe una dhana iliyojificha. Unadhani miguu yote minne inabeba sawa. Bibi yako anajua kwa nini mafiga ni matatu: ukiweka mawe manne, chungu kinacheza. Vitu vitatu daima vinaukuta uso mmoja. Cha nne kinatakiwa kiwe na kimo kamili, la sivyo kinaning'inia.

Stendi ya miguu minne ina tatizo la chungu hicho. Mguu mmoja ukizama hata milimita chache, unaacha kubeba. Ili mzigo ubaki katikati, mguu unaoutazama kwa mshazari nao unapunguziwa, na miwili iliyobaki inabeba karibu kila kitu: kilonyutoni 26 kila mmoja badala ya 13. Fremu ya juu ikiweza kupinda kidogo hali inakuwa nafuu, lakini mwelekeo ni huo. Ile stendi ya kilonyutoni 18 sasa imeshavuka mpaka wake, na hakuna aliyeongeza hata ndoo moja ya maji.

Kwa nini mguu uzame? Kilonyutoni 13 juu ya kipande cha bati cha sentimita 15 kwa 15 ni kanieneo la kilopaskali karibu 580. Udongo laini uliolowa haufai kupewa zaidi ya kama 100. Hapa ndipo Mbeya na Iringa zinapotofautiana. Sehemu kubwa ya mji wa Iringa imekaa juu ya miamba ya matale. Ukichimba vilimani karibu na jiwe la Gangilonga huenda ukakutana na mwamba mapema, na mwamba hauna habari na 580. Mbeya udongo mwingi umetokana na majivu ya volkano. Kiangazi unachimbika wima na unaonekana imara. Ukilowa, nguvu hiyo inapungua sana.

Tiba yake ni rahisi: kila mguu uwe na zege la sentimita 50 kwa 50, kina sentimita 50. Ukijumlisha uzito wa zege lenyewe, kama kilo 300, kanieneo linashuka hadi kilopaskali 65 hivi. Lakini tazama pia bomba la kumwagia maji tangi likizidi kujaa. Kwenye stendi nyingi linaishia juu, na maji yanamwagika kando ya mguu mmoja kila usiku. Mguu huo ndio utakaozama na ndio utakaoshika kutu. Mita nne za bomba jembamba la kuyapeleka maji mbali zingemaliza habari.

Tangi tupu nalo ni hatari

Mpaka hapa adui amekuwa tangi lililojaa. Sasa geuza. Ni mwisho wa kiangazi, mgao umekaza, tangi halina kitu, na upepo wa kwanza wa mvua unakuja.

Chukua upepo wa mita 30 kwa sekunde, kama kilomita 108 kwa saa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kama kilo 1 kwa mita ya ujazo badala ya 1.2 ya pwani, kwa hiyo hata upepo husukuma kidogo pungufu. Hata hivyo tangi letu, lenye upana na kimo vya mita za mraba 3.8, linasukumwa kwa kilonyutoni 1.2. Nguvu hiyo iko mita 5 juu ya ardhi. Zidisha: nguvu ya kupindua ni kama 6, kwa kipimo cha kilonyutoni mara mita.

Kinachozuia ni uzito ukizidishwa kwa nusu ya upana wa stendi, mita 1. Tangi likijaa tuna 53. Upepo wa 6 hauna la kufanya. Tangi likiwa tupu tuna kilo 400 tu, kilonyutoni 3.9, kwa hiyo kizuizi ni 3.9. Sita inazidi. Stendi inapinduka.

Hata kabla stendi haijapinduka, tangi lenyewe, kilo 100 tu, litakuwa limeshachepuka kutoka kwenye mbao. Kwa hiyo tangi lifungwe kwenye fremu, na miguu ifungwe kwenye zege kwa bolti au nondo zilizozikwa, isiwe imekaa tu juu yake. Zege la kilo 300 kila mguu linatosha na kuzidi: kinachotakiwa kushikwa chini, kwenye kila mguu wa upande wa upepo, ni kama kilo 55. Uone sasa kwamba mtu aliyejiuliza "tani tano" peke yake asingefika hapa kamwe, kwa sababu hali hii ya hatari ina tani sifuri.

Kuna nguvu ya kando inayofanya kinyume: tetemeko. Mbeya ipo pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya mpaka kwa upande wa Malawi, ilitikiswa na mfululizo uliofikia 6.0. Upepo husukuma eneo. Tetemeko husukuma tungamo. Ukidhani ardhi inasukuma kando kwa sehemu moja ya kumi ya uzito, tangi lililojaa linapata kilonyutoni 5.3, zaidi ya mara nne ya ule upepo, na miguu ya upande mmoja inapanda kutoka 13 hadi karibu 20. Stendi yenye mikingamo ina nafasi ya kuipokea. Ile ya 18 haina.

Kamba na rula

Utajuaje stendi yako iko wapi bila kujua K wala E? Iko njia, na inatokana na kanuni ile ile ya Euler.

Hakuna mguu ulionyooka kabisa. Funga kamba nyembamba iliyovutika kutoka kiungo cha juu hadi cha chini cha mguu, kama stendi ina mkingamo basi kutoka kiungo hadi kiungo, na pima kwa rula pengo kati ya kamba na bomba hapo katikati. Pima tangi likiwa karibu tupu, kisha pima tena likiwa limejaa. Kama stendi haina mikingamo, tumia timazi badala yake, na pima juu imehama kiasi gani kutoka chini. Fanya hivyo ukiwa nje ya stendi. Usisimame chini ya tani tano unazozitilia shaka.

Mzigo unapokaribia P, pengo hukua kwa namna inayojulikana:

```
sehemu ya P iliyotumika = 1 - (pengo tupu / pengo jaa)
```

Pengo likiwa milimita 5 tupu na 6 jaa, umetumia kama moja ya sita ya uwezo. Lala usingizi. Likitoka 5 hadi 10, umetumia nusu, na ni wakati wa kuongeza mikingamo. Likitoka 5 hadi 15, umetumia theluthi mbili. Fungua koki, punguza maji leo. Njia hii ina mipaka yake. Haioni udongo utakaolowa wiki ijayo, haioni upepo, na haisemi kitu kuhusu kiungo kilichochomelewa vibaya. Inajibu swali la kufyatuka tu, lakini hilo ndilo lililosahaulika.

Kwa nini yote yapande juu?

Ukosoaji wa mwisho uelekee kwetu wateja, si kwa fundi. Tangi la juu lina kazi mbili: kutunza maji na kuyapa msukumo. Msukumo kwenye bomba la jikoni unatokana na kimo peke yake. Mita 4 za maji zinatoa kilopaskali 40, ziwe ndani ya tangi la lita 5,000 au la lita 500. Kutunza maji nako hakuhitaji kimo hata kidogo. Maji hutunzika vizuri tu juu ya jukwaa la tofali la sentimita 30.

Familia ya watu sita ikitumia lita 50 kila mtu inatumia lita 300 kwa siku. Tangi la lita 1,000 juu ni siku tatu. Lita 4,000 zilizobaki zinakaa hewani mwaka mzima, zikisubiri mgao, na ndizo zinazotengeneza hatari yote tuliyoipigia hesabu. Ziteremshe, na kila mguu unabaki na kilonyutoni 3.3. Hata stendi ile dhaifu kuliko zote, ya 4.6, ingeubeba mzigo huo, japo kwa ukingo ambao bado tusingeukubali bila mkingamo. Nanga za upepo, hata hivyo, zingebaki lazima, maana juu kumekuwa kwepesi.

Gharama yake ni pampu ndogo na umeme wa kuiendesha, na umeme nao una mgao wake. Kwa nyumba inayopata maji usiku yakiwa na msukumo wa kufika juu yenyewe, tangi moja kubwa juu lina mantiki, na hatulaumu anayelichagua. Ila alichague akijua amenunua nini, na safari ijayo fundi akigonga bomba na kusema linabeba gari, amuulize swali moja tu: likisukumwa kando, nani analishika?